Leya ni nini, na kwa nini ile picha ya tangazo lako haikubali kubadilishwa bei tu

Leo tunaongelea kitu kimoja tu, ila tutakiongelea mpaka kieleweke: leya. Wengine tunasema tabaka. Ukifungua app ya kutengeneza matangazo kwenye simu, utaona mahali pameandikwa Layers. Wengi wetu tunapapita tu kwa sababu hatujui pana kazi gani.

Mimi natengeneza matangazo ya wauzaji wadogo hapa Kigoma Mjini, na wengi wao wanauzia kwenye status ya WhatsApp, Instagram na Facebook. Kuna wauza dagaa na migebuka wa Kibirizi na Katonga, kuna wa mawese, na kuna wa vitenge pale Mwanga na Ujiji. Ombi linaloongoza ni hili: mtu ananitumia picha ya tangazo lake la zamani na kuniambia, "Kaka, hapa nibadilishie bei tu, kitu cha dakika moja." Nikimjibu kwamba kazi hiyo si ya dakika moja, anahisi namtafutia bei. Ukweli ni kwamba inategemea amenitumia nini. Akinitumia faili lenye leya, hata sekunde 20 hazifiki. Akinituma picha bapa, yaani picha iliyogandishwa ikawa kitu kimoja, hapo bei haipo tena kama bei. Imeshageuka sehemu ya picha.

Na kwa sisi wa ziwani bei hazikai. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu mavuno yanapungua na bei inapanda, kisha giza likirudi inashuka. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mwenye mzigo stoo ilibidi apange bei upya. Ukiuza bidhaa ya namna hiyo huku tangazo lako haliwezi kubadilika, utabaki na mambo mawili: kulipia tangazo jipya kila bei inapogeuka, au kuacha la zamani liendelee kuzunguka halafu ugombane na wateja inbox. Ndo maana nimeona tulifundishane hili vizuri.

FANYA JARIBIO HILI KWANZA, HALIHITAJI SIMU

Chukua picha yoyote ya karatasi, hata ukurasa wa kalenda ya zamani, uuweke mezani. Sasa chukua nailoni inayoonyesha, ile tunayofunikia madaftari ya watoto. Kata vipande viwili vinavyotosha kufunika picha nzima.

Weka kipande cha kwanza juu ya picha, na kwa kalamu ya maka andika bei. Weka cha pili juu yake na uandike namba ya simu. Ukitazama kutoka juu unaona tangazo moja lililokamilika: picha, bei na simu. Jicho halijui kama hivyo ni vitu vitatu.

Sasa bei imepanda. Unafanyaje? Unavuta ile nailoni ya bei, unaitoa, unaandika nyingine na kuirudisha. Picha iliyo chini haijaguswa na namba ya simu haijaguswa. Ukitaka bei ikae kushoto badala ya kulia, unasogeza nailoni hiyo moja tu. Ukitaka kuona tangazo likoje bila bei, unaiondoa kidogo halafu unairudisha.

Hizo nailoni ndizo leya. Kila leya ina kitu chake, na pale ambapo haina kitu inaonyesha cha chini yake. Ya juu kabisa ndiyo inayoonekana kwanza, na inaficha za chini pale tu ilipochorwa.

Rudi kwenye jaribio. Chukua ile maka sasa na uandike bei moja kwa moja juu ya picha yenyewe, bila nailoni. Kisha jaribu kuibadilisha. Utasugua, karatasi itachubuka, na palipokuwa na rangi patabaki weupe. Hiyo ndiyo picha bapa. Ni kama maharage yaliyokwisha ungwa mawese: huwezi kurudi sufuriani na kusema nataka mawese yangu.

KWA NINI KOMPYUTA HAIWEZI TU KUFUTA BEI

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Mtu ananiuliza, "Si ufute hayo maandishi, dagaa waonekane kwa nyuma?" Swali zuri. Jibu ni kwamba kwa nyuma hakuna dagaa. Ngoja nieleze.

Picha kwenye simu imeundwa na vidoti vidogo sana vinavyoitwa pikseli. Tangazo la mraba la Instagram huwa tunalitengeneza kwa vidoti 1080 kwenda kulia na 1080 kwenda chini. Ukizidisha unapata vidoti 1,166,400. Kila kidoti kinabeba rangi moja tu, na rangi hiyo inaandikwa kwa namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255.

Chukua kidoti kimoja katikati ya picha ya dagaa. Rangi yake ni ile ya fedha ya dagaa mkavu, tuseme 190, 195, 200. Juu yake umeandika bei kwa herufi za njano, na njano iliyokolea ni 255, 255, 0.

Kazi ikiwa bado ina leya, faili linatunza zote mbili: kwenye leya ya chini kidoti hiki ni fedha, kwenye leya ya juu ni njano. Ukiificha ile ya juu, fedha inatokea kwa sababu ilikuwepo muda wote.

Unapohifadhi kama picha ya kawaida, app inatazama kila kidoti kutoka juu na kujiuliza: hapa mtu anaona rangi gani? Njano. Basi inaandika 255, 255, 0 na kuendelea na kidoti kinachofuata. Ile 190, 195, 200 haifichwi mahali popote. Inatupwa. Kidoti hakina nafasi ya rangi mbili.

Kwa hiyo mtu akikuahidi kutoa maandishi kwenye picha bapa, jua kwamba hatoi kitu. Anachora kitu kingine juu yake, ama kwa kukisia pale palikuwa na nini, ama kwa kunakili kipande cha dagaa cha pembeni na kukibandika hapo. Inaweza kupendeza na inaweza kuharibika, ila haitakuwa picha yako ya mwanzo.

Kuna jambo jingine linalopotea: maandishi yenyewe. Kwenye leya ya maandishi, faili linajua kwamba umeandika tarakimu 28,000 kwa fonti fulani na ukubwa fulani. Unaweza kugusa, ukafuta 28 na kuandika 31, kama unavyofanya kwenye meseji. Ikishakuwa bapa hakuna tarakimu tena, kuna vidoti vya njano vilivyokaa kwa umbo la tarakimu. Jicho lako linasoma 28,000, lakini app yako inaona rangi tu.

PNG NAYO NI BAPA

Hapa kuna imani moja inayozunguka kwenye magrupu: eti ukihifadhi kwa PNG badala ya JPG, unakuwa umetunza leya. Sivyo. Zote mbili ni picha bapa. Tofauti zake ni nyingine kabisa.

JPG inapunguza uzito wa faili kwa kutupa baadhi ya undani wa picha. Ndiyo maana ukikuza tangazo la JPG unaona uchafu mdogo kama ukungu kuzunguka herufi. Kila ukilifungua, ukalibadili na kulihifadhi tena kwa JPG, ukungu unaongezeka. WhatsApp nayo ukituma kama picha ya kawaida inaipunguza tena. Tangazo likishapita magrupu matatu na kurudi kwako, limechoka.

PNG haitupi undani huo, na inaweza kuwa na sehemu isiyo na rangi kabisa, inayoonyesha cha chini. Hiyo ni nzuri kwa nembo ya biashara, maana ukiiweka juu ya picha haiji na kile kiboksi cheupe. Lakini ndani ya PNG bado kuna tabaka moja tu. Ukiwa na PNG ya tangazo zima, bei imegandia humo humo.

Leya zinakaa kwenye faili la kazi la ile app uliyotumia. Photoshop inahifadhi kwa PSD, na Photopea, ambayo ni ya bure na unaifungulia kwenye kivinjari, inasoma na kuhifadhi PSD pia. Canva inatunza kazi ndani ya akaunti yako yenyewe. App nyingine nyingi za simu zina sehemu ya kuhifadhi kama project. Jina lolote watakalotumia, maana yake ni ile ile: nailoni zimetunzwa zikiwa zimeachana.

Kwa taarifa tu, hata Photoshop yenyewe haikuanza na leya. Ilitoka mwaka 1990, na leya zikaja na toleo la 3.0 mwaka 1994. Kabla ya hapo mtengeneza matangazo alikuwa anaandika juu ya picha, akikosea baadaye anaanza upya. Sisi leo tunazo bure kwenye simu, halafu tunazigandisha wenyewe bila kujua.

TUFANYE KAZI MOJA PAMOJA

Tuchukue mfano wa dada anayeuza dagaa wakavu kutoka Katonga. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Nitatumia Canva kwa sababu wengi mnayo na toleo la bure linatosha kwa kazi hii.

Kwanza picha. Piga dagaa wakiwa kwenye kichanja au kwenye beseni safi, asubuhi, na uache nafasi tupu upande mmoja wa picha. Nafasi hiyo ndipo maandishi yatakapokaa. Usiandike bei kwenye kipande cha boksi ukakichomeka katikati ya dagaa halafu ukapiga picha. Ukifanya hivyo bei imeshagandia tangu kwenye kamera, na hakuna app itakayoitoa.

Fungua Canva, anza kazi mpya kwa kuchagua Custom size, andika 1080 kwa 1080. Sasa tunapanga kutoka chini kwenda juu:

1. Picha ya dagaa. Ipakie kupitia Uploads, ikuze ijaze eneo lote. Hii ndiyo tabaka la chini kabisa.
2. Mstatili wa bluu iliyokolea, kutoka Elements, uweke upande wa ile nafasi tupu. Kazi yake ni kufanya maandishi yasomeke, maana njano juu ya dagaa wa rangi ya fedha inapotea.
3. Jina la bidhaa, kutoka Text: DAGAA WA KIGOMA.
4. Bei, nayo kutoka Text, lakini kwa kisanduku chake cha peke yake: Kilo 1, Sh 28,000.
5. Simu na mahali unapopatikana, kisanduku kingine cha Text.

Nimesisitiza bei iwe kwenye kisanduku chake. Ukiandika jina, bei na simu kwenye kisanduku kimoja, hiyo ni leya moja. Utaweza kubadilisha tarakimu, sawa, lakini hutaweza kuisogeza bei peke yake, wala kuificha, wala kuikuza bila vingine kutikisika. Kanuni yangu ni rahisi: kinachobadilika peke yake kikae peke yake.

Sasa gusa kitu chochote kwenye tangazo, tafuta Position, kisha Layers. Utaona orodha ya vitu vyako vitano. Cha juu kwenye orodha ndicho kilicho mbele kwenye tangazo. Jaribu kuuvuta ule mstatili wa bluu uende juu ya bei. Bei inapotea! Haijafutika, imefunikwa tu. Rudisha mstatili chini yake, bei inatokea. Mtu akikuambia "nimeandika maandishi hayaonekani", mara nyingi tatizo ni hili la mpangilio.

Ukimaliza, gusa ile picha ya chini na uifunge kwa alama ya kufuli. Ukifunga, kidole hakiwezi kuisogeza kwa bahati mbaya wakati unahangaika na bei. Kwenye simu yenye kioo kidogo hili linaokoa muda mwingi.

Tangazo liko tayari. Download, chagua PNG au JPG, tuma kwenye status. Kumbuka kilichotokea hapa: ulichopakua ni nakala bapa ya kutuma. Kazi yenyewe yenye tabaka tano imebaki Canva.

Wiki mbili baadaye mwezi ni mpevu, dagaa wamekuwa adimu, kilo imefika 31,000. Unafungua kazi yako, unagusa bei mara mbili, unafuta 28 na kuandika 31, unapakua tena. Basi. Mteja wa Bujumbura anataka kuona bei kwa faranga za Burundi? Nakili ukurasa kwa Duplicate page, badilisha leya ya bei na ile ya simu, uweke na maneno ya Kirundi au Kifaransa kama unayo. Picha na mstatili ni vile vile. Mzigo umeisha? Kwenye nakala nyingine, juu ya vyote, ongeza leya ya maandishi MZIGO UMEISHA. Mzigo mpya ukiingia unaitoa, na chini yake tangazo liko salama.

UTAJUAJE KAMA ULICHONACHO NI BAPA

Kipimo ni kimoja. Fungua faili kwenye app ya kutengenezea, kisha gusa bei. Kama fremu inajitokeza kuzunguka bei peke yake, una leya. Kama fremu inazunguka tangazo zima, una picha bapa, hata kama umeifungulia ndani ya Canva au Photoshop yenyewe. Kufungua picha bapa kwenye app yenye leya hakuirudishii leya. Inaingia kama tabaka moja, na utakachoongeza juu yake ndicho kitakuwa na tabaka lake.

Na screenshot ya kazi yako, hata ukiipiga ukiwa ndani ya app, ni bapa. Wapo wanaopiga screenshot halafu wanafuta kazi ili kupunguza nafasi kwenye simu. Hapo umetunza kivuli ukatupa mtu.

KAMA TAYARI UNA BAPA TU, FANYA HIVI

Hatua ya kwanza si kwenye app, ni kwenye simu: mpigie aliyekutengenezea. Muulize kama bado ana faili la kazi. Sema wazi, "Naomba faili lenye leya, PSD au ile project yenyewe, siyo picha." Kama ni PSD, mwambie alitume WhatsApp kupitia sehemu ya Document ili lifike kama lilivyo. Kama alitengenezea Canva, anaweza kukutumia kiungo cha kazi hiyo. Muombe pia ile picha safi ya bidhaa, isiyo na maandishi.

Kama halipo, tazama nyuma ya bei kuna nini. Ikiwa nyuma ni rangi moja tupu, una bahati. Ingiza tangazo kwenye app, weka mstatili wa rangi ile ile juu ya bei ya zamani, kisha andika bei mpya juu ya mstatili. Hapa umejiongezea tabaka mbili juu ya bapa. Angalia kingo za mstatili kwa kukuza: kama tangazo ni JPG lililochoka, rangi ya nyuma haiko sawasawa na kiraka kitaonekana. Dawa yake ni kuukuza mstatili mpaka ufunike sehemu nzima hadi ukingoni mwa tangazo. Kiraka kidogo katikati kinaonekana kama kiraka, ila mkanda unaotoka ukingo hadi ukingo unaonekana kama ulipangwa hivyo.

Ikiwa nyuma ya bei kuna dagaa, kitenge chenye maua au maji ya ziwa, usihangaike na kiraka cha rangi ya kufanana, hakitafanana. Tumia ule ule mkanda, lakini wa rangi ya wazi inayojitangaza, upite chini yote ya tangazo na kufunika bei ya zamani na simu. Kisha andika upya juu yake. Utapoteza kipande cha picha, lakini tangazo litabaki safi na kuanzia hapo bei yako ina tabaka lake.

Na kama una picha safi ya bidhaa, mimi nakushauri uachane na ukarabati. Jenga upya zile tabaka tano. Kazi hiyo utaifanya mara moja.

LEYA NAZO ZINA MWISHO WAKE

Tusidanganyane, leya hazitenganishi kila kitu. Ile picha yako ya dagaa, pamoja na kukaa kwenye leya yake, yenyewe ndani ni bapa. Dagaa, beseni na mkono wa mtu aliyeshika beseni vyote ni vidoti vya tabaka moja. Ukitaka beseni libadilike rangi au mkono utoke, lazima ukate, na nyuma ya mkono hakuna kitu kama vile nyuma ya bei hakukuwa na dagaa. Kwa hiyo panga vizuri kabla ya kupiga. Ukiuza vitenge, piga kila kitenge peke yake kwenye ukuta mweupe, halafu uvipange kwenye app, kila kimoja na leya yake. Ukivipiga vitano kwa pamoja, kimoja kikinunuliwa huwezi kukiondoa kwenye tangazo. Vikiwa peke yake unakificha hicho kimoja, vinne vinabaki sokoni.

Pia kwenye Photopea, Photoshop na app kadhaa za simu kuna amri za kuunganisha leya, utaziona zimeandikwa Merge au Flatten. Zinagandisha tabaka ndani ya faili la kazi lenyewe. Ukizigusa kwa bahati mbaya, bonyeza Undo hapo hapo. Ukihifadhi na kufunga, nailoni zimeshagundishwa.

KUTUNZA, ILI KESHO USITAFUTE

Kwa kila tangazo weka vitu vitatu: picha safi ya bidhaa, faili la kazi, na nakala ya kutuma. Vipe majina yanayojieleza. Mimi naandika dagaa-PICHA, dagaa-KAZI, na dagaa-TUMA ikifuatiwa na tarehe. Nakala za TUMA zinaweza kufutwa muda wowote simu ikijaa, maana zinatengenezeka tena kutoka KAZI. KAZI haitengenezeki kutoka TUMA. Ukibanwa na nafasi na ikabidi ufute, futa ukilijua hilo.

Na siku unamlipa mtu akutengenezee tangazo, elewaneni kabla ya kutoa hela kwamba anakukabidhi picha ya kutuma pamoja na faili lenye leya. Wapo wanaotoza zaidi kidogo kwa hilo, na wapo wasiotoa kabisa. Uliza mapema ujue unanunua nini.

Leo usiku chukua tangazo moja unalolitumia sana, lifungue, gusa bei uone fremu inazunguka nini. Niandikie kwenye komenti: bei peke yake, au tangazo zima? Ukisema tangazo zima, niambie na nyuma ya bei kuna nini, nitakuambia uanzie wapi.